Kadi ya SIM yako ni ya inchi gani? Soma namba zake za mwanzo

Mama mmoja wa Idjwi, muuza samaki, alitufikia na telefone yake mkononi na hasira usoni. Kila akiweka unite asubuhi, mangaribi haziko. Hakupiga hata mtu mmoja. Alikuwa na uhakika kabisa juu ya chanzo: kijana aliyemuuzia kadi ya SIM chini ya parasoli kule Bukavu alimpa kadi ya Rwanda na kumdanganya kwamba ni ya Kongo. "Minajua ni ya ngambo," alisema. "Juu kila saa inaniandikia karibu Rwanda, na mimi siyavuka mupaka hata siku moja."

Hatukubishana naye. Tulitoa kadi ndani ya telefone, tukaigeuza, tukasoma namba zilizochapwa mgongoni. Ndani ya dakika moja tulijua kama kijana alisema kweli ao alisema uongo. Jibu lake tutalirudilia mbele kidogo. Kwanza tuelewane ndugu msomaji: kadi moja ya SIM inatembea na namba tatu mbalimbali, na kila moja inataja inchi kwa njia yake. Wengi wetu tunazichanganya, na hapo ndipo shida inaanzia.

Namba unayopewa watu, hiyo haikai ndani ya kadi

Namba ya kwanza ni ile unayoijua: +243 na tarakimu tisa nyuma yake. Hiyo ndiyo unaandikia rafiki kwenye kipande cha karatasi. 243 ni kodi ya simu ya inchi ya Kongo. Jirani zetu wako na zao: Rwanda 250, Tanzania 255, Uganda 256, Burundi 257. Kodi karibu zote za Afrika zinaanza na 2, juu Shirika la Kimataifa la Mawasiliano, UIT, lenye makao Jeneva, liligawa dunia kwa sehemu na kupa kila sehemu tarakimu yake ya mwanzo.

Lakini watu wengi hawajue jambo hili: namba ya +243 si sehemu ya kadi yenyewe. Iko ndani ya rejista ya kampuni. Ndiyo maana ukipoteza kadi, unaenda kwa kampuni na kitambulisho chako, wanakupa kadi mpya kabisa, na namba yako inabaki ile ile. Kipande cha plastiki kimebadilika, namba haikubadilika. Basi ukitaka kujua kadi ilitoka inchi gani, kuangalia +243 hakutoshi. Inabidi usome namba ya kadi yenyewe.

Namba ya mgongoni: inaanza na 89

Namba ya pili inaitwa ICCID. Ni namba ya kadi kama kadi, sawa vile namba ya shasi kwa pikipiki. Mara nyingi imechapwa kwenye plastiki kwa herufi ndogo sana, wakati mwingine imekatwa kwa mistari miwili ao mitatu. Kwa kawaida ina tarakimu 19, zingine 20.

Tuchukue mfano. Namba hii tumeitunga sisi wenyewe, si ya mtu yeyote:

```
89 243 01 00000123456 5
```

Tuisome polepole kutoka kushoto.

89 inamaanisha "hii ni kadi ya mawasiliano". Kadi za plastiki za dunia nzima zinafuata mpango mmoja wa namba. Ukiona kadi ya benki inaanza na 4, ni Visa. Ikianza na 5, mara nyingi ni Mastercard. Kadi za mawasiliano zilipewa 89. Kwa hiyo kila kadi ya SIM, iwe ya Goma, ya Nairobi ao ya Brisele, inaanza na 89. Mtu akikuambia "kadi yangu inaanza na 89, ni ya inchi gani?", bado hajakuambia kitu.

Inchi inakuja nyuma ya 89. Hapa ni 243, ile ile kodi ya simu ya Kongo. Basi kadi ya Kongo inaanza 89243. Ya Rwanda 89250. Ya Burundi 89257. Ya Uganda 89256. Ya Tanzania 89255. Kama ndugu yako wa Ubelgiji amekuachia kadi yake, utaona 8932, juu kodi ya Ubelgiji ni 32, tarakimu mbili tu. Ya Ufaransa ni 8933. Usiogope kuchanganya kodi fupi na kodi ndefu: zilipangwa hivi kwamba hakuna kodi fupi ambayo ni mwanzo wa kodi ndefu. Hakuna inchi yenye kodi 24 peke yake, basi 243 haiwezi kusomwa vibaya.

Nyuma ya inchi kuna tarakimu za kampuni iliyotoa kadi, kisha mfululizo mrefu ambao ni namba ya kadi yako peke yako. Tarakimu ya mwisho kabisa, hapa 5, ni ya kuhakikisha. Inatoka katika hesabu ya zote zilizotangulia. Ukikosea tarakimu moja wakati unaisoma kwa mfanyakazi wa kampuni, mashini yake inaona mara moja kwamba hesabu haikubali. Kwenye skrini ya telefone zingine utaona herufi F mwishoni. Hiyo F haina maana yoyote, ni ya kujaza nafasi tu kwa kadi zenye tarakimu 19.

Kama maandishi ya mgongoni yamefutika, telefone inaweza kukuonyesha. Kwenye Android nyingi zenye lugha ya Kifaransa ingia `Paramètres`, kisha `À propos du téléphone`, kisha `État de la carte SIM`, utafute ICCID. Kwenye iPhone ni `Réglages`, `Général`, `Informations`. Telefone ndogo za batani mara nyingi haziionyeshe, utatoa kadi na kuisoma kwenye mwangaza mzuri.

Angalisho moja. Watu wanapiga `*#06#` na kufikiri wanaona namba ya kadi. Hapana. Hiyo inatoa IMEI, namba ya tarakimu 15 ya telefone yenyewe, na haisemi neno juu ya inchi ya kadi. Kwenye telefone mpya zenye SIM ya ndani isiyoguswa, `*#06#` inaweza pia kuonyesha namba ingine ndefu iitwayo EID, na hiyo nayo inaanza na 89. Ihesabu: EID ina tarakimu 32. Inataja aliyetengeneza kile kidude cha ndani, si kampuni ya mawasiliano. Kama ni tarakimu 19 ao 20, uko kwa ICCID. Kama ni 32, umekosea mlango.

Namba iliyofichwa: 630

Namba ya tatu haijaandikwa mgongoni. Iko ndani ya kadi, na inaitwa IMSI. Hiyo ndiyo kadi inaitumia kujitambulisha kwa antene. Tarakimu zake tatu za mwanzo ni kodi ya inchi, lakini si ile ya simu. Ni orodha ingine kabisa, iliyotengenezwa kwa ajili ya rezo za simu za mkononi tu. Wafundi wanaiita MCC.

Kwenye orodha hiyo Kongo yetu ni 630. Rwanda ni 635. Tanzania 640, Uganda 641, Burundi 642. Zote zinaanza na 6, juu katika mpango huu 6 ni Afrika. Ulaya ni 2. Hapo watu wanakosea sana: wakiona namba ya ndani inayoanza na 2 wanafikiri ni Afrika kwa sababu ya +243, kumbe kwa MCC 2 ni Ulaya. Ubelgiji kwa mfano ni 206.

Nyuma ya kodi ya inchi kuna kodi ya kampuni. Kwetu, 630 01 ni Vodacom, 630 02 ni Airtel, 630 86 ni Orange, 630 90 ni Africell. Kwa hiyo IMSI inayoanza 63090 ni ya kadi ya Africell ya Kongo. Tarakimu zinazobaki ni za mteja.

Kwa nini orodha mbili, 243 huku na 630 kule? Kila moja iko na kazi yake. 243 inasaidia kupeleka mwito: mtu wa Kampala akipiga +243, mashini zinajua kusukuma mwito upande wa Kongo. 630 inasaidia kitu kingine, yaani kadi na antene kujuana. Na hapo tunarudi kwa mama wetu wa Idjwi.

Kadi ilikuwa ya Kongo, antene haikuwa

Mgongoni mwa kadi yake tulisoma 89243. Kijana wa Bukavu hakudanganya mtu. Ilikuwa kadi ya Kongo, na ndani yake kulikuwa 630. Shida ilikuwa nje ya kadi.

Kila antene ya simu inatangaza hewani bila kupumzika: mimi ni inchi fulani, kampuni fulani. Antene ya Bukavu inasema 630 na kodi ya kampuni yake. Antene ya upande wa Rwanda inasema 635. Telefone inasikiliza, kisha inalinganisha na kilicho ndani ya kadi. Kama kadi inasema 630 na antene ya kampuni ile ile inasema 630, uko nyumbani. Kama kadi inasema 630 na antene inasema 635, telefone inaelewa kwamba umesafiri. Hiyo ndiyo inaitwa romingi: unakuwa mgeni kwa rezo ya watu, na kampuni yako inakulipisha kwa bei ya mgeni.

Telefone haijue mpaka. Haioni daraja, haioni beria, haioni askari wa uhamiaji. Inajua tu antene gani inasikika. Na mawimbi hayasimami kwenye Ruzizi. Antene ya rezo ya zamani, ile ya kupiga na kutuma ujumbe, inaweza kuhudumia telefone hata umbali wa kilomita 35 kama hakuna mlima katikati. Juu ya maji ya Ziwa Kivu hakuna mlima. Kisiwa cha Idjwi kiko katikati ya ziwa, na ufuko wake wa mashariki unatazama Rwanda. Siku antene ya kwetu inakosa mazuti ao inaanguka kwa radi, ile ya ngambo inabaki peke yake kusikika. Telefone ya mama, ambayo iliruhusiwa romingi, inaikamata. Ndipo ule ujumbe wa "karibu" unaingia.

Lakini kwa nini iliendelea kutwa nzima, hata nyuma ya antene yetu kurudi? Hilo ndilo jambo ambalo hata wauzaji wa kadi wengi hawalijue. Telefone ikiwa kwa rezo ya mgeni, inaendelea mara kwa mara kutafuta rezo bora zaidi, lakini kwa kawaida inatafuta zile za inchi ile ile inayosikia sasa. Imesikia 635, basi inajiambia: niko Rwanda, rezo ya nyumbani iko mbali, hakuna haja ya kuitafuta. Haitafuti 630 tena. Inashikilia 635 mpaka ipotee kabisa, ao mpaka wewe mwenyewe uilazimishe kuanza upya. Ilitengenezwa hivyo kusudi isimalize batri bure kwa msafiri aliye kweli mbali. Kwa mtu anayeishi kwenye mpaka, mpango huo unageuka kuwa mtego.

Na unite zilikwenda wapi kama hakupiga mtu? Telefone yake ilikuwa na mega wazi. WhatsApp inapokea picha za grupe la kanisa na la familia, programu zingine zinajirekebisha zenyewe, na kila kitu kinahesabiwa kwa bei ya romingi. Mwenyewe anaanika samaki, hana habari.

Namna ya kujua na namna ya kurekebisha

Alama ya kwanza ni herufi R ndogo kando ya milia ya rezo. Ya pili ni jina la kampuni juu ya skrini: kama si ile ya kadi yako, jiulize. Ya tatu ni ujumbe wa kukukaribisha inchi ambako hauko. Ya ine ni saa: kama telefone yako inapanga saa yenyewe kwa kufuata rezo, kule ambako saa za mpaka zinatofautiana inaweza kuruka. Huku Kivu hilo halitakusaidia upande wa Rwanda na Burundi, juu tuko saa moja, lakini ndugu wa Ituri na wa Kasindi wanaopakana na Uganda wataona saa imeenda mbele saa moja nzima.

Mama wetu alikuwa na alama tatu za kwanza. Tulifanya naye haya, moja baada ya ingine.

Kwanza tuliwasha `Mode avion` kwa muda mfupi, tukaizima. Hiyo inalazimisha telefone kusahau ilikuwa wapi na kutafuta upya, ikianza na rezo ya kadi yake. Antene ya Kongo ilikuwa inasikika, basi ilirudi kwa 630 mara moja, na R ikaondoka.

Pili tuliingia `Paramètres`, `Réseaux mobiles`, tukafunga `Itinérance des données`. Tangu hapo, hata telefone ikikamata antene ya ngambo, mega hazitapita. Lakini mwito na ujumbe wa kawaida bado unaweza kupita kwa bei ya mgeni, basi hiyo ni nusu ya dawa.

Tatu, tulitoka kwa kuchagua rezo kwa automatiki, tukaichagua kwa mkono. Telefone inatafuta dakika mbili tatu, kisha inaleta orodha. Wakati mwingine inaandika majina, wakati mwingine haijue jina na inaandika namba tupu, kama `63510` ao `63001`. Sasa unajua kusoma: 630 ni kwetu, 635 si kwetu. Uchague ya kwako. Ubaya wake ni huu: antene yako ikianguka, utabaki bila rezo kabisa mpaka irudi. Na ukisafiri kweli kwenda Kigali ao Bujumbura, itabidi kuirudisha kwa automatiki. Mama alikubali. "Afazali nikose rezo saa moja kuliko nikose unite za juma nzima," alisema.

Mambo ambayo namba haziwezi kukuambia

Tusizipe namba hizi nguvu zisizo nazo. 89243 inasema kwamba kadi ilitolewa na kampuni ya Kongo. Haisemi mwenye kadi ni Mkongomani. Haisemi pia yuko wapi sasa. Mtu wa Uvira anaweza kuwa na kadi ya Burundi kwa sababu anauza Gatumba kila siku, na hilo halimfanye mtu wa kushukiwa. Kijana aliye Brisele miaka kumi anaweza bado kutumia WhatsApp kwa +243 yake ya zamani, juu WhatsApp ilihakikisha namba siku ya kwanza tu.

Kuna pia kadi zisizo za inchi yoyote. UIT iliweka kodi 901 kwa rezo za dunia nzima, kama zile za satelaiti. Na kadi zinazouzwa kwa wasafiri, hasa zile za ndani ya telefone zinazonunuliwa kwa intaneti, mara nyingi zinatolewa na kampuni ya inchi ambako mnunuzi hajawahi kukanyaga. Namba inasema ukweli juu ya mtoaji, basi.

Na mwito unaoingia ukionyesha +243 ao +250 si ushahidi. Namba inayoonekana kwa skrini inaweza kugeuzwa na matapeli wanaopiga kwa njia ya intaneti. ICCID na IMSI ya anayepiga hauzione kamwe. Mtu akikuambia "mimi ni wa kampuni yako, angalia namba yangu inaanza na +243", hajathibitisha kitu.

La mwisho: usitume picha ya mgongo wa kadi yako kwa mtu usiyemjua, hata akisema anataka kukusaidia. Mfanyakazi wa kampuni anaweza kukuomba tarakimu za ICCID kama alama kwamba kadi ni yako, wakati wa kubadilisha kadi kwa mfano. Tapeli akiwa nazo, amepata kipande kimoja cha kujifanya wewe, na akishika namba yako anaweza kufika kwa pesa zako za simu.

Mama wa Idjwi alirudisha kadi ndani ya telefone, akaomba tumwandikie namba mbili kwenye karatasi: 630 na 635. Moja ya kuchagua, moja ya kuacha. Kisha alisema siku akifika tena Bukavu atapita chini ya ile parasoli, ataomba yule kijana musamaha.